Kijana peke yako kwenye kikao cha saiti: jinsi ya kuongea na wazee wakakusikiliza

Hali yenyewe iko hivi. Ijumaa jioni bosi anakuambia Jumatano ana safari, kwa hiyo wewe ndo unaenda kumwakilisha kwenye kikao cha saiti. Unafika unakuta kontena lina meza ndefu, huku msanifu mwenye mvi, kule injinia wa miundo aliyeanza kumwaga zege kabla hujazaliwa, mkandarasi mwenyewe na meneja wake, watu wa mteja watatu kutoka idarani, na wewe hapo QS, yaani mkadiriaji majenzi, wa mwaka wa pili kazini na daftari lako. Nimeona vijana wengi tu, tena wenye kichwa kizuri, wanakaa humo masaa matatu na kitu pekee walichochangia ni saini kwenye karatasi ya mahudhurio. Na nimeona wachache wanaongea dakika nne basi, na maamuzi ya siku hiyo yanafuata walichosema. Tofauti yao mara nyingi imeshatengenezwa kati ya Ijumaa na Jumanne, ndo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kabla hujaingia kwenye kontena.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mwisho, jengo la ofisi za umma la ghorofa chache pale Dodoma, kikao cha kila mwezi, na mkandarasi ameleta maombi ya malipo. Namba ni za mfano ila hesabu ni za kweli, na kama wewe ni injinia au mhasibu utaona zinahamishika kwenda kwako.

Hatua ya 1: Jua unakaa kwenye kiti cha nani

Kabla ya chochote muulize bosi maswali mawili. Naruhusiwa kukubali nini kwa niaba ya ofisi, na nini lazima niseme "nitarudi na jibu"? Vijana wengi hawaulizi, wanaona kama ni kuonyesha woga, halafu kikaoni mkandarasi anawageukia anasema "QS, hii si tumekubaliana?" na hapo unabaki huna pa kushika. Kama bado hujasajiliwa AQRB, ile bodi ya wasanifu na wakadiriaji majenzi, setifiketi ya malipo haitasainiwa na wewe, inasainiwa na bosi, kwa hiyo hata wazee wanajua kabisa kwamba neno lako ni neno la ofisi. Hii wengi wanaiona ni udhaifu, mimi naona ni nafuu kubwa, kwa sababu huendi pale kutetea umri wako, unaenda kusema ofisi imepima nini. Mwombe bosi amtumie mwenyekiti ujumbe mfupi, hata wa Watsapu, kwamba fulani ataniwakilisha na hesabu za malipo anazo yeye. Mstari mmoja tu lakini unaingia chumbani umeshatambulishwa, na hakuna atakayeuliza "huyu dogo katoka wapi".

Hatua ya 2: Soma minitsi za kikao kilichopita, utafute mstari wako

Ajenda ya vikao vyetu inajulikana: kufungua, kuthibitisha minitsi, yatokanayo, taarifa ya mkandarasi ya maendeleo ya kazi, mambo ya kiufundi, malipo na madai, mengineyo, kufunga. Kaa na minitsi zilizopita na kalamu, weka alama kila penye neno QS. Hizo ndo sehemu ambazo kikao chenyewe kimekupa zamu ya kuongea, huhitaji kunyoosha mkono wala kuomba radhi, unasubiri mwenyekiti afike hapo.

Na usije ukaweka hoja yako kwenye mengineyo. Kijana anajishauri kikao kizima, eti atasema mwishoni, mwisho unafika saa 7 mchana watu wanashika funguo za magari, mkandarasi ameshaagiza chakula, hoja ya milioni mbili inapita juu juu na inaandikwa "suala limepokelewa". Hoja ya malipo iseme kwenye malipo.

Hatua ya 3: Chagua kitu kimoja, kipime mpaka mwisho

Usibebe hoja saba. Beba moja iliyoiva, zingine andika barua.

Kwenye mfano wetu mkandarasi amedai zege la slabu ya ghorofa ya kwanza kyubiki 55. Unafungua mchoro. Slabu ni mita 24 kwa 14, unene milimita 150, kwa hiyo 24 × 14 × 0.15 = 50.4. Kuna uwazi wa ngazi mita 5 kwa 3, huo unakatwa, 5 × 3 × 0.15 = 2.25. Unabaki na 48.15. Mihimili ina aitemu yake kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake kwenye mkataba, na zege lake limeshatolewa kwenye hizo 55, hilo lihakikishe mapema maana ndo swali la kwanza mzee atakuuliza. Kwa hiyo amedai zaidi kwa kyubiki 6.85, na kama bei kwenye BOQ ni shilingi 400,000 kwa kyubiki, hiyo ni shilingi 2,740,000.

Hapa ndo damu inachemka. Unaona umemkamata mtu. Unajiona Jumatano umesimama unaitaja hiyo namba na wote wanageuka. Usifanye hivyo bado, soma hatua inayofuata kwanza.

Hatua ya 4: Wapigie kabla ya kikao

Hii ndo hatua ambayo ningekuambia uisome hata kama zingine zote utaziruka. Jumatatu mpigie QS wa mkandarasi, au nenda saiti, mwambie wazi: "Nimepima slabu nimepata 48.15, nyie mmeleta 55, nionyeshe nimepishana na wewe wapi." Unamwomba akuonyeshe, humwambii kakosea, na kweli hujui bado kama kakosea.

Sasa anakuonyesha. Kwanza, 55 imetoka kwenye tiketi za magari ya zege, yaani zege lililofika, lakini BOQ inalipa zege lililokaa kwenye jengo kwa vipimo vya mchoro, lililomwagika na lililobaki kwenye pampu lipo ndani ya bei yake, halilipwi mara mbili. Hapo uko sawa. Lakini pili anakwambia kitu hukijui. Mteja alihamishia masjala upande mmoja wa ghorofa hiyo, mafaili ni mzigo mzito, injinia akasema kipande cha mita 8 kwa 14 kiongezwe unene kiwe milimita 200, akasema kwa mdomo siku ya ukaguzi wa nondo, mafundi wakafanya, na karatasi haikuandikwa hivyo ofisini kwenu haijafika. Unapiga hesabu: 8 × 14 × 0.05 = 5.6. Kwa hiyo slabu halisi ni 48.15 + 5.6 = 53.75, na kinachozidi ni 1.25 tu, shilingi 500,000.

Fikiria ungesimama Jumatano ukasema milioni mbili na laki saba. Injinia angekuangalia tu, angesema "kijana, saiti ulifika lini mara ya mwisho?" na kontena lote lingecheka, na miezi sita baadaye hata ukileta namba sahihi watakumbuka hiyo.

Halafu simu ya pili, hii ni ngumu kidogo, mpigie injinia mwenyewe. Hapa kuna mzee ambaye ametoa agizo la mdomo na utaratibu unataka liandikwe kwenye kitabu cha saiti, ukilifumulia kikaoni mbele ya mteja umemvua nguo, na hatakusamehe mapema. Mwambie: "Shikamoo Injinia. Kuna unene wa masjala, nimeuona saiti, nataka kuuingiza kwenye malipo ya mwezi huu lakini sina maelekezo ya maandishi, bosi hatasaini bila hiyo. Naomba unisaidie karatasi kabla ya Jumatano, au unielekeze tuseme nini kikaoni." Umempa nafasi ya kurekebisha mwenyewe. Tisa kati ya kumi, na hapa nasema kwa mazoea sio kwa takwimu, atakujibu vizuri na kikaoni atakuwa upande wako maana anajua ungeweza kumwaibisha na hukufanya. Akikujibu vibaya mwambie bosi siku hiyo hiyo, hilo ni la ukubwa wake.

Kuna wanaosema kupiga simu kabla ni kuuza siri, mkandarasi anajiandaa. Ajiandae tu. Unachotaka ni namba iliyo sahihi, sio kumshtukiza mtu. Kitu ambacho simu haitakiwi kufanya ni kukubaliana malipo pembeni, ukiona mazungumzo yanaelekea huko, "tumalizane sisi wawili dogo, hii ndogo ndogo", funga simu kistaarabu na uandike barua pepe kwa bosi ya nini kimesemwa.

Hatua ya 5: Karatasi moja

Jumanne usiku andaa ukurasa mmoja. Juu kimchoro cha slabu kimepigwa rangi sehemu mbili, 150 na 200. Chini mistari minne: 50.4, toa 2.25, ongeza 5.6, jumla 53.75. Pembeni 55 ya mkandarasi na tofauti. Chapisha nakala za kila mtu na mchoro wa injinia kwenye A3. Wazee wengi hawapendi kuangaliziwa kwenye laputopu ya kijana, wanapenda karatasi waweke miwani na wachore wenyewe na kalamu, na mtu akishachora kwenye karatasi yako anaongelea hesabu yako, umri umeshasahaulika.

Hatua ya 6: Kuingia

Fika robo saa kabla. Salimia mmoja mmoja, shikamoo zote zitoke hapo nje na mlangoni, usizibanie eti unaogopa kuonekana mtoto, mzee aliyenyimwa shikamoo hataisikia hesabu yako hata iwe nzuri vipi. Ila kikao kikishafunguliwa badilisha, ongea kwa vyeo: "Mwenyekiti", "Injinia", "mkandarasi". Ukiendelea na "mzee wangu" "baba" katikati ya malipo, umejiweka nafasi ya mtoto na watakujibu kama mtoto, tena kwa upendo kabisa. Vyeo haviulizi umri.

Kaa mezani. Kuna viti vya ukutani ambavyo vijana wanavipenda, ukikaa huko hata sauti haifiki maana nje kuna jenereta. Ukiwa na A3 ya kutandaza una sababu ya kuwa mezani na hakuna atakayeshangaa.

Kuna suala la chai na minitsi. Kama upo peke yako kijana, na hasa ukiwa binti, utaombwa kimoja au vyote. Chai ukimimina mara moja kwa sababu thermosi iko karibu yako haina neno, ila isiwe kazi yako ya kudumu, kikao cha pili kaa mbali na thermosi tu, husemi kitu. Minitsi ni habari nyingine. Kwa kawaida zinaandikwa na ofisi ya msanifu au ya meneja wa mradi, wakikutupia wewe sema, "Mwenyekiti, nina hesabu za malipo za kuwasilisha, nikiandika sitaweza kuwasilisha vizuri, naomba ofisi ya msanifu iendelee." Hiyo ni sababu ya kikazi na wataielewa.

Hatua ya 7: Toa sauti mapema, kitu kidogo

Kwenye kuthibitisha minitsi au yatokanayo, sema kitu kimoja kifupi cha kweli. "Mwenyekiti, ukurasa wa 3, tarehe ya kuwasilisha madai iliandikwa 25, makubaliano yalikuwa 28." Basi. Kazi yake ni kwamba koo lako limefunguka na chumba kimezoea sauti yako, ukisubiri neno lako la kwanza liwe ndo lile la kupinga pesa za mtu, baada ya masaa mawili na nusu umekaa kimya, sauti itatoka ya ajabu na wewe mwenyewe utaisikia. Kama hakuna kosa kwenye minitsi usitengeneze, uliza kitu cha tarehe kwenye taarifa ya maendeleo ya kazi.

Hatua ya 8: Hoja yenyewe

Mwenyekiti anafika malipo. Gawa karatasi kwanza, subiri kidogo wazishike, halafu sema kwa mpangilio huu: aitemu, wamedai nini, tumepima nini, kwa nini inatofautiana, tunaomba nini. Hivi:

"Mwenyekiti, aitemu ya zege la slabu ghorofa ya kwanza. Mkandarasi ameleta kyubiki 55 kutoka kwenye tiketi. Kwa vipimo vya mchoro pamoja na unene wa masjala tunapata 53.75, na nimepitia na QS wa mkandarasi Jumatatu. Tofauti ya 1.25 ni upotevu ambao upo ndani ya bei. Tunapendekeza 48.15 ilipwe kwenye aitemu yake mwezi huu, na 5.6 ya masjala iingie kama veriesheni, yaani badiliko la kazi, maelekezo ya Injinia yakishatoka."

Haifiki dakika moja. Angalia visivyokuwemo. Hakuna "samahani mimi bado mdogo kwenye hii kazi", hakuna "labda nimekosea ila". Ukianza na hayo unawapa watu sababu ya kutosikiliza kabla hujasema. Na hakuna neno "wizi" wala "wamezidisha", umesema tiketi na umesema mchoro.

Halafu nyamaza. Hapa wengi wanaharibu, kimya kinakuja sekunde tano wazee wanasoma, kijana anaona amekataliwa anaanza kujaza maneno, anaongeza mambo ya ratio na simenti ambayo hakuna aliyeuliza, na mtu anadaka hilo la pembeni kikao kinahamia huko.

Hatua ya 9: Wakikurudishia

"Wewe umemaliza chuo lini?" Jibu kawaida, bila kukunja uso: "Mwaka juzi. Mwenyekiti, tupo mstari wa tatu, unene wa masjala." Yaani jibu swali kisha rudisha watu kwenye karatasi. Usicheke cheka na usijitetee na GPA.

Akisema "sisi tumejenga miaka 30 tunalipa kwa tiketi", usibishane na miaka 30, hutaishinda. Muulize mwenyekiti: "Naomba tufungue utangulizi wa BOQ, sehemu ya upimaji, tusome pamoja." Uwe umeshaweka alama kwenye ukurasa. Mkataba hausomwi sana kwenye vikao hivi, na anayeufungua kwenye ukurasa sahihi, hata awe na miaka 25, kontena linatulia. Ila usome kabla, mikataba inatofautiana, kuna kazi ndogo zilizokubaliwa kulipwa kwa namna nyingine na ukikuta hivyo mzee atakuwa sahihi na hoja yako itakufa hapo hapo.

Ukiulizwa usichojua, kwa mfano nondo za ziada za masjala ni kilo ngapi, usikisie. "Sina hiyo hapa, nitaleta Ijumaa kabla ya saa 6 mchana." Na hakikisha imeandikwa na jina lako na siku.

Na kuna ile ya mzee kuichukua hoja yako, dakika kumi baadaye anairudia kama yake na wote wanaitikia. Inauma lakini usipigane. Idakie: "Nakubaliana na Injinia, na ili iwe kamili naomba minitsi zichukue namba, 48.15 na 5.6, kama zilivyo kwenye karatasi." Namba zikiingia kutoka kwenye karatasi yenye jina la ofisi yenu, inajulikana imetoka wapi.

Kuna siku haitafanya kazi. Kuna mwenyekiti ambaye hataki kusikia neno kwa mtu wa chini ya miaka 40, atakukata "tutaongea na bosi wako". Usimlazimishe. Sema, "Sawa Mwenyekiti, naomba karatasi ibaki kama kiambatanisho cha kikao", iache mezani, na bosi akirudi anapiga simu kufuatilia hoja ambayo tayari ipo kwenye kumbukumbu.

Hatua ya 10: Baada ya kikao

Siku hiyo hiyo mwandikie anayeandika minitsi barua pepe fupi, nakala kwa bosi, yenye sentensi yako ya malipo kama ulivyoisema na karatasi imeambatanishwa. Mwandishi wa minitsi naye amechoka, akipata maneno yaliyo tayari anayaweka. Zikitoka soma sehemu yako, kama wameandika 53.57 badala ya 53.75 tuma marekebisho kabla ya kikao kijacho, maana zikishathibitishwa kuzibadilisha ni vita.

Ukiwa ni injinia mhitimu uliye kwenye SEAP, ile programu ya mafunzo kazini ya miaka 3 ya ERB, bodi ya wahandisi, andika kikao hiki kwenye logibuku wiki hiyo hiyo ukiwa bado unakumbuka ulichowasilisha, usisubiri mwisho wa robo ndo uanze kubuni.

Na Jumatatu inayofuata, kama maelekezo ya masjala bado hayajaandikwa, mpigie Injinia tena. Usimwandikie barua ya kumkumbusha yenye nakala kwa watu sita, simu tu, shikamoo, na umuulize kama unaweza kumpelekea kitabu cha saiti ofisini kwake asaini.